Mshahara ukikatika, tuuze, tusimame au tuendelee kuwekeza?

Baada ya darsa moja ya Jumamosi hapa Singida mjini, kijana mmoja alibaki nyuma mpaka watu wote walipotoka msikitini. Alikuwa amepunguzwa kazi wiki ile katika ghala moja la nafaka. Hakuuliza wapi atapata kazi nyingine. Aliuliza hivi: “Ustaadh, nina kiwanja ninacholipia kidogo kidogo, na nina magunia nimeyahifadhi. Niendelee kulipa, nisimame, au niuze? Nikiuza, si nitakuwa nimekata tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu?”

Nilinyamaza kwa muda kabla ya kumjibu. Kunyamaza kule hakukutokana na ugumu wa swali. Niliwahi kuulizwa swali hilo hilo mwaka 2020, nikalijibu haraka na vibaya, na aliyelipia gharama ya jibu langu hakuwa mimi.

Wengi tunaikumbuka tarehe 17 Machi 2020, Serikali ilipotangaza kufungwa kwa shule kutokana na korona. Walimu wa Serikali waliendelea kulipwa. Sisi wa shule binafsi, ambao mishahara yetu inatoka katika ada za wazazi, tulikuwa katika hali nyingine kabisa. Mwalimu mwenzangu, tuliyekuwa tukifundisha naye shule moja, alipokea mshahara wa Machi, na baada ya hapo akaambiwa asubiri. Hakufukuzwa, hakupewa barua, hakupewa chochote.

Mwenzangu huyu hakuwa mtu wa anasa. Alikuwa miongoni mwa wachache waliojua kuweka akiba. Siku ya kwanza ya Aprili alikuwa na fedha taslimu shilingi 340,000. Ndani alikuwa na magunia 8 ya alizeti aliyoyanunua Julai iliyotangulia, wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Alikuwa na kiwanja cha shilingi 2,400,000 anachokilipia 200,000 kila mwezi, na alikwishalipa miezi mitano. Na mkewe alikuwa na cherehani, anashona sare na madera, akipata kama 60,000 kwa mwezi. Matumizi ya nyumba, pamoja na kodi, yalikuwa 300,000. Watoto wawili.

Akaja kwangu kutaka ushauri, nami nikampa ule tunaoupenda sana sisi walimu wa dini kwa sababu hautugharimu kitu. Nikamwambia: “Subira, mwalimu. Usiuze alizeti sasa, ngoja ipande zaidi. Kiwanja usikiache, ardhi ni ya watoto. Mwenyezi Mungu ataleta wepesi.” Nikamkumbusha kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) na akiba ya miaka saba. Akaondoka ameridhika.

Tazama sasa kilichofuata. Aprili alilipa kiwanja 200,000, akabaki na 140,000, na pengo la matumizi akalijaza kwa kukopa dukani 100,000. Mei ikafika hana kitu. Alizeti hakuigusa, kwani nilimwambia angoje. Akauza cherehani ya mkewe kwa 180,000, akaazima 20,000 juu yake, akalipa kiwanja. Chakula cha Mei chote kikaandikwa katika daftari la mwenye duka. Mwisho wa Mei alizeti mpya ikaanza kuingia mjini kutoka mashambani, na gunia alilokuwa akipewa 52,000 mwezi Machi likashuka mpaka 41,000. Sasa akauza yote manane, akapata 328,000, na deni la duka peke yake lilikuwa 400,000. Juni hakulipa kiwanja. Shule zikafunguliwa tarehe 29 Juni, lakini mshahara wa kwanza ulikuwa wa mwisho wa Julai, na ulikuja nusu. Julai nayo hakulipa kiwanja. Mkataba wake ulisema atakayekosa miezi miwili mfululizo kiwanja kinarudi kwa muuzaji, na atarudishiwa alicholipa baada ya kukatwa asilimia 30, tena kiwanja kikishauzwa kwa mtu mwingine. Alikuwa amelipa 1,400,000. Zikaondoka 420,000, na zilizobaki akazingoja.

Kwa hiyo mtu aliyefuata ushauri wa kutouza aliishia kupoteza kiwanja, kuuza alizeti kwa bei ya chini, na kuondoa nyumbani kitu pekee kilichokuwa kikiingiza fedha.

Nimeifanya hesabu ile upya mara nyingi. Kama siku ya kwanza ya Aprili angekwenda kwa muuzaji wa kiwanja, kabla hajakosa hata mwezi mmoja, akaomba kwa maandishi asimamishe malipo mpaka kazi irudi, na kama siku hiyo hiyo angeuza alizeti kwa 52,000, angepata 416,000. Ukijumlisha na taslimu ni 756,000. Cherehani ikibaki, nyumba inahitaji 240,000 tu kutoka kwake kila mwezi. Fedha ile ingemfikisha mwanzoni mwa Julai bila daftari la duka. Angepungukiwa na mwezi mmoja, siwezi kusema vinginevyo. Lakini mwezi mmoja mtu anaweza kumwendea ndugu yake. Ile miezi mitatu ya deni ndiyo iliyomfedhehesha.

Utasema, Ustaadh, huo ni ujuzi wa baada ya jambo kupita. Nani alijua shule zingefunguliwa lini? Hakika hakuna aliyejua, na hoja yangu inasimama hapo hapo. Kwa kuwa hakuna aliyejua, haikufaa kuifunga nyumba kwa ahadi ya kutoa 200,000 kila mwezi. Ama bei ya alizeti, hiyo haikuwa siri. Kila mtu wa Singida anajua kwamba anayehifadhi alizeti anahifadhi mpaka karibu na mavuno mengine, na mavuno yakianza Mei mzigo wa zamani unashindana na mpya. Mwezi Machi ulikuwa ukingoni mwa muda wake. Kungoja zaidi kulikuwa kubahatisha, nami nilikuita subira.

Na kisa cha Nabii Yusuf nilikisoma nusu. Rejea Surat Yusuf, aya ya 47 na ya 48. Katika miaka saba ya neema watu waliagizwa kulima na kuacha mavuno katika mashuke yake, isipokuwa kidogo wanachokula. Kisha ikaja miaka saba ya shida, nayo ikala kile kilichowekwa, isipokuwa kidogo kilichohifadhiwa. Yaani akiba ile iliwekwa ili iliwe! Aliyeiweka hakuingia miaka ya njaa akiendelea kujaza maghala huku watu wakilala na njaa. Njaa ilipoingia, kazi ya ghala ilibadilika. Na hata hapo hawakula yote, walibakisha kidogo, ambayo wafasiri wameieleza kuwa ni mbegu. Mimi nilimpa mwenzangu nusu ya kwanza ya kisa wakati yeye yuko katika nusu ya pili.

Kuna riwaya nyingine ambayo laiti ningeikumbuka siku ile. Imepokewa na Anas (r.a.) na imo katika Sunan ya Abu Dawud, ingawa baadhi ya wanazuoni wameona udhaifu katika sanadi yake. Mtu mmoja katika Ansar alikuja kuomba. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kama nyumbani hana kitu. Alikuwa na nguo nzito, sehemu wakijifunika na sehemu wakiitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, akauliza nani atazidisha, mwingine akatoa mbili. Akampa yule mtu zote mbili na kumwagiza moja anunue chakula cha watu wake, na ya pili anunue shoka. Aliporudi na shoka, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma kukata kuni na asionekane kwa siku kumi na tano. Alirudi na dirhamu kumi.

Nimeisoma riwaya hii darasani kwa miaka kama dalili ya kukemea uombaji. Sikuwahi kuitazama kama fundisho la kuuza mali. Mtu hana kipato, na jambo la kwanza lililofanyika ni kuuza. Kilichouzwa ni vitu visivyoingiza chochote, na vikauzwa kwa mnada, kwa kutafuta anayezidisha, wala si kwa yule wa kwanza aliyefika. Fedha haikuliwa yote, nusu yake ikageuka kuwa chombo cha kazi. Na baada ya siku kumi na tano hakuna aliyemwambia aliuze shoka ili akomboe nguo yake.

Sasa irudie nyumba ya mwenzangu kwa jicho hilo. Alizeti ilikuwa mali iliyolala. Haikuzaa wala haikudai kitu, na tangu mwanzo ilinunuliwa ili iuzwe. Kiwanja kilikuwa mali inayokula. Kila mwezi kinataka 200,000 na hakirudishi hata shilingi. Cherehani ndiyo iliyokuwa shoka. Katika mali tatu, akailisha inayokula, akaiacha iliyolala ilale, akauza shoka. Nami ndiye niliyemwongoza.

Wako wanaosema ardhi haiuzwi kamwe, na wanatoa hadithi iliyomo katika Sunan ya Ibn Majah, ambayo maana yake ni kwamba anayeuza nyumba au ardhi na asiiweke thamani yake katika mfano wake hatarajiwi kubarikiwa katika fedha ile. Ni tahadhari yenye uzito. Tunawajua watu waliouza ardhi ya urithi na baada ya mwaka huoni hata sufuria jipya. Lakini tahadhari hiyo ni juu ya mali uliyokwisha kuimiliki. Kiwanja chenye deni la 1,400,000, ambacho mkataba wake unaweza kuvunjwa kwa kukosa miezi miwili, bado ni ahadi zaidi kuliko mali. Tena kusimamisha malipo si kuuza. Ukienda mapema, ukaonyesha hali yako, muuzaji naye ana sababu ya kukusikiliza, maana kutafuta mteja mwingine kwake ni kazi. Ukinyamaza na kupotea, unamwachia mkataba uzungumze.

Swali lingine la kujiuliza ni hili: mwenye magunia manane ndani, je, ni mtu mwenye dhiki? Surat Al-Baqara, aya ya 280, inaagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Sisi tukiishiwa na mshahara tunaikumbuka sana aya hii, tunamsomea mwenye duka. Lakini Mtume (s.a.w.) pia ametufundisha kwamba mwenye uwezo akichelewesha deni ni dhulma. Mwenye duka wa mwenzangu naye alikuwa na watoto. Alimkopesha unga na mafuta mwezi wa Aprili, wakati mdaiwa ana mali ya 416,000 imefungwa kwa kamba chumbani akingoja bei. Kwa hakika mfanyabiashara yule mdogo alikuwa ndiye anayewekeza katika alizeti ile, bila kuambiwa na bila kupata sehemu ya faida. Sioni namna ya kulitetea hilo. Kuwekeza kwa fedha yako ni halali na ni jambo jema. Kuwekeza kwa subira ya mtu mwingine bila ridhaa yake ni jambo lingine. Na afadhali hata yeye alikwenda dukani. Wengine ili wasiguse mali yao wanakimbilia ile mikopo ya kausha damu, wakaingia katika riba kwa sababu tu hawataki kuona gunia likiondoka.

Halafu cherehani. Nimeiacha nyuma kwa sababu inanitia aibu zaidi. Haikuwa yake. Mkewe aliinunua kwa mahari yake mwenyewe. Katika sheria yetu mali ya mke ni ya mke, na nafaka ya nyumba iko juu ya mume hata kama mke ana mali kuliko yeye. Surat An-Nisaa, aya ya 4, inahalalisha tunachopewa na wake zetu katika mahari yao kwa radhi ya nafsi zao. Je, mama yule aliridhia? Alisema “sawa.” Nani angesema vinginevyo, mume amekaa kimya ukutani na tarehe ya kiwanja imefika? Tunaposema “familia imeuza kitu,” tuulize kitu cha nani kilitangulia kuuzwa. Mara nyingi utakuta ni khanga, sufuria, dhahabu au cherehani, na jina lililo katika mkataba wa kiwanja ni la baba.

Nisije nikaeleweka kwamba kila mara jibu ni kusimama. Kuna mali ambayo ukisimama nayo umeiua. Yule kijana wa ghala, nilipomhoji zaidi, alikuwa pia na robo eka ya vitunguu bondeni. Vitunguu vilikuwa vimeanza kutunga, vimebakiza wiki chache, na vinahitaji kama 40,000 za mafuta ya pampu. Hapo nilimwambia atoe, na kama hana auze gunia moja atoe. Kitunguu kikikosa maji wakati kinatunga hakingoji mpaka upate kazi. Kinabaki kidogo, na ulichotumia tangu kitalu kimepotea. Kutoa 40,000 kuokoa zao linalokaribia kuvunwa si sawa na kutoa 200,000 kwa kiwanja kitakachobaki pale pale miaka kumi ijayo. Ila nilimwonya asianze robo eka nyingine, na asivihifadhi akingoja bei kama alizeti, maana vitunguu vikikaa vibaya vinaoza na kuchipua ndani ya gunia.

Na kabla ya kuuza chochote kikubwa, jua unachodai. Aliyeachishwa kazi kwa kupunguzwa, si kwa kuacha mwenyewe, na ametumikia mwajiri mmoja zaidi ya mwaka, sheria ya ajira ya 2004 inampa malipo ya kuachishwa, mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, mpaka miaka 10. Kama ameachishwa isivyo haki, ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku hizo hupita haraka mtu akiwa bado anaona haya kutoka nje. Mwanachama wa NSSF aliyechangia miezi 18 au zaidi ana fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Mwenzangu hakupata lolote katika haya, kwa kuwa kwa karatasi bado alikuwa mwajiriwa. Hata mwenye kustahiki asizihesabu fedha hizo kwa mwezi wa kwanza na wa pili. Watumishi 9,932 walioondolewa kazini Aprili 2017 kwa sababu ya vyeti walifikia mwaka 2022 ndipo ilipoamuliwa warudishiwe michango yao. Sababu ya kuondolewa kwao ni jambo jingine. Ninachotaka uone ni urefu wa kungoja.

Yule mwenzangu, Juni ile, alikwenda pia kwa kamati ya zaka ya msikiti mmoja. Wakamwambia: “Mwalimu, wewe una kiwanja.” Imamu An-Nawawi katika Al-Majmu’ ameeleza kwamba mwenye mali isiyohamishika ambayo kipato chake hakimtoshi anahesabiwa miongoni mwa mafakiri au masikini, anapewa cha kukamilisha mahitaji yake, na halazimishwi kuiuza. Wanazuoni vilevile hawakumtaka fundi auze vyombo vyake kwanza. Ni kweli kwamba kiwanja kitupu kinachongoja bei si sawa na nyumba ya kupangisha inayoleta kodi ndogo, na ningekuwa katika kamati ile ningetaka kujua kwanza habari za alizeti. Lakini hawakuuliza habari za alizeti. Waliuliza jina katika mkataba, wakafunga daftari.

Kijana wa ghala aliuza magunia yake wiki ile ile kwa kuzungukia mashine tatu za kukamua mafuta, akapata tofauti ya shilingi 3,000 kwa gunia kati ya ya kwanza na ya tatu. Muuzaji wa kiwanja alimpa miezi minne, wakaandikiana mbele ya mjumbe. Vitunguu bado sijasikia.

Ama mwenzangu, mwaka 2021 alinunua cherehani nyingine kwa 350,000. Risiti yake aliandikisha kwa jina la mkewe. Mimi nilichangia 100,000, na nilimwambia kwa nini.